Dola 120 Zilikwenda Wapi?

Ni usiku wa mwisho wa mwezi, watoto wamelala, na mshonaji amefungua kurasa mbili kwenye kompyuta yake. Ukurasa wa kwanza ni wa duka lake la mtandaoni, nao unasema ameuza bidhaa za dola 360. Wa pili ni wa benki, nao unasema zimeingia dola 240. Mwezi huo ameshona mikoba kumi ya kanga, yote kumi imeuzwa na imefika kwa wenyewe. Hakuna uliorudishwa, hakuna mteja aliyelalamika. Sasa hizo dola 120 zimekwenda wapi?

Mshonaji huyu ni wa mfano. Tumempa makazi Columbus, Ohio, mji wenye jamii kubwa ya watu waliotoka Afrika Mashariki, na tumempa biashara ambayo watu wa pwani wanaoishi ng'ambo wanaielewa vizuri: doti za kanga zinazofika kwenye masanduku ya ndugu, zikakatwa na kushonwa mikoba kwa cherehani iliyowekwa kando ya meza ya chakula. Bei za mikoba na gharama za posta tumezipanga sisi ili hesabu isomeke. Viwango vya makato ni halisi, vya soko la Etsy kwa muuzaji aliyeko Marekani.

Etsy ilianzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, New York, iwe soko la vitu vya mikono na vitu vya zamani. Yenyewe haishoni wala haiweki mzigo ghalani. Inampa muuzaji kizimba kwenye skrini, inamletea wapita njia, inapokea pesa kwa niaba yake, kisha inamkabidhi kilichobaki. Kwa lugha ya mnadani, huyu ni dalali. Tofauti ni kwamba dalali wa mnadani hukata chake mara moja, mbele ya macho ya mwenye mali. Dalali wa mtandaoni hukata kidogo kidogo, mara sita au saba kwa oda moja, na kila kato lina jina lake, kanuni yake na siku yake. Ushahidi wa makato hayo upo kwenye taarifa ya mwezi, na taarifa hiyo ndiyo wauzaji wengi wadogo hawaifungui kabisa. Wanaangalia kilichoingia benki, basi.

Ili kuielewa, tuuache mwezi mzima kwanza tushike mkoba mmoja.

Mkoba huo umewekwa bei ya dola 30. Mnunuzi yuko Houston, Texas, na ametozwa dola 6 za usafirishaji. Kodi ya mauzo ya Houston ni asilimia 8.25, na Texas hutoza kodi hata kwenye usafirishaji, kwa hiyo imeongezeka dola 2.97. Kadi ya mnunuzi imekatwa dola 38.97. Muuzaji akipakua taarifa yake kutoka sehemu ya `Finances` na kuifungua, oda hiyo itaonekana hivi, tukiacha safu za tarehe na namba:

```
Type,Title,Net
Sale,Payment for Order,38.97
Tax,Sales tax paid by buyer,-2.97
Fee,Transaction fee: Kanga bag,-1.95
Fee,Transaction fee: Shipping,-0.39
Fee,Processing fee,-1.42
Fee,Listing fee,-0.20
Shipping,USPS shipping label,-6.85
```

Ukijumlisha na kutoa utapata dola 25.19. Hicho ndicho cha muuzaji.

Mstari wa kodi una historia fupi ambayo inafaa kujulikana. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, kwamba jimbo linaweza kumdai kodi ya mauzo muuzaji asiyekuwa na duka wala ofisi ndani ya jimbo hilo. Majimbo yakafuata kwa sheria zinazolibebesha soko lenyewe kazi ya kukusanya kodi hiyo na kuipeleka serikalini. Ndiyo maana pesa hizo zinaingia kwenye taarifa ya mshonaji na kutoka papo hapo. Hazijawahi kuwa zake. Anayehesabu 38.97 kuwa ndiyo mauzo yake anajidanganya tangu mstari wa kwanza.

Kamisheni yenyewe ni asilimia 6.5, na imeandikwa mara mbili: mara moja kwa mkoba, mara moja kwa usafirishaji. Hapa ndipo wauzaji wapya hushtuka. Usafirishaji si faida, ni pesa ya posta, kwa nini ukatwe kamisheni? Kwa miaka mingi haukukatwa. Mpaka katikati ya 2018 Etsy ilichukua asilimia 3.5 ya bei ya bidhaa peke yake. Julai mwaka huo ikapandisha kiwango hadi asilimia 5 na kuingiza usafirishaji ndani ya hesabu. Kanuni ya aina hiyo huziba mwanya mmoja unaojulikana kwenye masoko haya: muuzaji anaweka bei ya dola 1 na usafirishaji wa dola 35, na kamisheni inabaki ya dola 1. Kwa mtu asiyecheza mchezo huo, matokeo ni kwamba analipia kamisheni pesa anayoipeleka posta. Aprili 2022 kiwango kilipanda tena, kutoka asilimia 5 hadi 6.5, na maelfu ya wauzaji wakafunga maduka yao kwa wiki moja kupinga. Kiwango hakikushuka.

Kuna jambo dogo linalotokana na kanuni hiyo. Wapo wanaoamini kwamba ukitangaza usafirishaji wa bure na kuuingiza ndani ya bei, utakwepa kamisheni. Hukwepi chochote. Asilimia 6.5 ya mkoba wa dola 36 wenye usafirishaji wa bure ni dola 2.34, na 1.95 ukijumlisha na 0.39 ni 2.34 ileile.

Mstari wa `Processing fee` ni wa kupitisha pesa za kadi. Kwa Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, na inahesabiwa kwenye kiasi chote alicholipa mnunuzi, kodi ikiwemo. Yaani mshonaji wetu analipia asilimia 3 ya kodi ya jimbo la Texas, pesa ambayo hata siku moja haitakaa mkononi mwake. Kwa oda hii ni senti 9 hivi. Ni ndogo, lakini ni vizuri kujua inatoka wapi, kwa sababu mtu anayepiga hesabu ya asilimia 3 ya dola 36 atapata jibu lisilolingana na taarifa, atadhani ameibiwa, na kumbe alianza na namba isiyo sahihi.

Sasa kusanya makato ya soko peke yake, bila posta: 2.34, 1.42 na 0.20. Jumla ni dola 3.96. Kwenye mkoba wa dola 30, hiyo ni asilimia 13.2. Muuzaji aliyeambiwa kwamba soko linachukua asilimia 6.5, na akapanga bei yake kwa namba hiyo, amekatwa mara mbili ya alivyotarajia, wala hakuna aliyevunja kanuni.

Hali ni ngumu zaidi kwa kitu cha bei ndogo. Mshonaji huyuhuyu ana vipande vya kanga vilivyobaki, na anavitumia kushona vishikizo vya funguo vya dola 6, na dola 4 za usafirishaji. Kamisheni hapo ni senti 65. Kupitisha kadi, kwa mnunuzi wa Houston, ni senti 57. Ongeza senti 20 za tangazo. Soko limechukua dola 1.42, karibu robo ya bei ya kishikizo. Kinachouma hapo si asilimia. Ni zile senti 25 na senti 20 zisizojali ukubwa wa bidhaa. Senti 45 kwenye mkoba wa dola 30 hazionekani, ila kwenye kitu cha dola 6 ni chakula cha mtu. Ndiyo sababu wauzaji wazoefu hawauzi kimoja kimoja. Wanafunga vitatu pamoja kwa dola 18, tangazo moja, malipo mamoja, senti 45 mara moja.

Hizo senti 20 za `Listing fee` zina tabia ya kujirudia ambayo inahitaji jicho. Unalipa unapoliweka tangazo, na tangazo linaishi miezi minne. Likifika mwisho bila kuuza na umeliacha lijihuishe lenyewe, unalipa tena. Likiuza na bado una mzigo wa aina ileile, linajihuisha papo hapo kwa senti 20 nyingine. Mnunuzi akichukua mikoba mitatu ya aina moja kwa oda moja, unatozwa senti 20 kwa kila mkoba wa ziada. Kwa muuzaji wa mikoba kumi haya ni makombo. Lakini mtu mwenye matangazo 200 ya vitu visivyotoka analipa dola 40 kila miezi minne kwa kuvionyesha tu, kama mwenye kizimba anayelipa ushuru wa siku ambayo hakuuza hata fundo la mchicha.

Kato linalohitaji kutazamwa kwa karibu kuliko yote ni la posta, kwa sababu ndilo kubwa na ndilo pekee ambalo muuzaji analishika kwa mikono yake. Mshonaji wetu alimtoza mnunuzi dola 6. Lebo ya posta aliyoinunua ndani ya Etsy ilimgharimu dola 6.85. Senti 85 zimetoka mfukoni mwake, na hakuna mstari wowote kwenye taarifa unaoandika neno hasara. Mauzo ya usafirishaji yako juu, yamechanganywa na bei ya mkoba. Gharama ya lebo iko chini, peke yake. Kuiona tofauti hiyo lazima uziweke namba mbili pamoja mwenyewe.

Halafu kuna mzani. Posta ya Marekani hupima vifurushi vyepesi kwa wakia, na wakia 16 ni ratili moja, gramu 454 hivi. Kwenye huduma ya Ground Advantage, ambayo wauzaji wadogo wengi huitumia, bei hupanda kwa ngazi mpaka kifurushi kinapokaribia ratili moja. Kikizidi ratili moja hata kwa chembe, kinatozwa bei ya ratili mbili. Mshonaji anapima mkoba kwenye mzani wake wa jikoni, ule anaopimia unga, anapata wakia 15 na nusu, anaandika 15.5 na kununua lebo. Kisha anaufunga mkoba kwa karatasi laini, anaweka kadi ya shukrani, anatia ndani ya bahasha nene na kuzungushia utepe wa gundi. Kifurushi sasa ni wakia 16 na kidogo. Amekwishavuka mpaka, hajui.

Mashine za posta zinajua. Zinapima kila kifurushi kikiwa njiani, zinalinganisha na kilichoandikwa kwenye lebo, na tofauti inarudi kwenye akaunti ya muuzaji siku kadhaa baadaye kama marekebisho ya lebo. Kwa kuwa imechelewa, mara nyingi inaangukia mbali na oda yake, pengine kwenye taarifa ya mwezi unaofuata. Mtu akiona taarifa ina mistari miwili mitatu ya marekebisho ya posta kila mwezi, hahitaji kumwandikia mtu barua ya malalamiko. Ahamishie mzani pale anapofungia, apime kifurushi kikiwa kimefungwa tayari. Ni kazi ya sekunde kumi, nami naamini hakuna sehemu nyingine kwenye taarifa nzima inayorudisha pesa kwa urahisi kama hiyo.

Kato lingine halitokei kila mara, na likitokea linauma. Linaitwa `Offsite Ads`. Etsy hulipia matangazo kwenye Google, Facebook na kwingineko kwa kutumia picha za bidhaa za wauzaji. Mtu akibonyeza tangazo hilo na ndani ya siku 30 akanunua chochote kwenye duka lako, hata kama si kile alichobonyeza, unakatwa asilimia 15 ya oda, usafirishaji ukiwemo. Muuzaji ambaye mauzo yake hayajafika dola 10,000 kwa siku 365 anaweza kujitoa kwenye mpango huu, lakini ni lazima aingie kwenye mipangilio ya duka na kujitoa mwenyewe, maana anaanza akiwa ndani. Akishafika dola 10,000 kiwango kinashuka hadi asilimia 12, na mlango wa kutoka unafungwa.

Kwa mkoba wetu, asilimia 15 ya dola 36 ni dola 5.40. Zile 25.19 zinakuwa 19.79. Mtu anaweza kusema, na ana haki, kwamba bila tangazo mnunuzi huyo asingekuja, na pesa kidogo ni bora kuliko mkoba uliokaa kabatini. Kwa bidhaa yenye faida nono hoja hiyo inasimama. Kwa kitu kilichoshonwa kwa mkono, chenye faida nyembamba, jibu linategemea namba moja ambayo haimo kwenye taarifa: mkoba wenyewe umegharimu nini.

Basi tuiweke. Kipande cha kanga, kitambaa cha ndani, mikanda, uzi na bahasha vimekula dola 9. Kushona mkoba mmoja mpaka kuufunga ni saa mbili. Bila tangazo la nje, 25.19 ukitoa 9 inabaki 16.19, yaani dola 8 na senti kidogo kwa saa. Kukiwa na tangazo la nje inabaki 10.79, kama dola 5.40 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, ambacho hakijaongezwa tangu 2009, ni dola 7.25 kwa saa. Mama huyu ana duka lenye nyota tano na maoni mazuri ya wateja, na kwa oda ile moja amejilipa chini ya kiwango ambacho mwajiri angeshtakiwa kwa kumlipa.

Sasa turudi kwenye zile dola 120.

Mauzo ya mwezi ni mikoba kumi, kila mmoja na usafirishaji wake ni dola 36, jumla 360. Tuchukulie kila oda imekatwa sawasawa na ile ya Houston: dola 10.81, yaani 3.96 za soko na 6.85 za posta. Kwa oda kumi ni dola 108.10. Mwezi huohuo ameweka matangazo manane ya miundo mipya, na senti 20 mara nane ni dola 1.60. Hapo tumefika 109.70. Bado 10.30 hazijulikani zilipo, na ni hizi ndizo zinazowafanya watu waamini kwamba kuna mkono unaochota usiku.

Jibu liko kwenye salio. Siku ya kwanza ya mwezi akaunti yake ndani ya Etsy ilikuwa na dola 41.30 ambazo hazijatumwa benki. Siku ya mwisho ilikuwa na 51.60. Tofauti ni 10.30 kamili. Pesa hizo hazikupotea, ziko njiani. Soko hutuma malipo kwa ratiba ambayo muuzaji ameichagua, kila wiki au kila mwezi kwa mfano, na mkoba uliouzwa tarehe 30 hauwezi kuwa benki tarehe 31. Njia ya kuhakiki ni ileile ya daftari la duka la mtaani: salio la kuanzia, ongeza kilichobaki baada ya makato, toa kilichotumwa benki, lazima upate salio la kumalizia. Hapa ni 41.30, ongeza 250.30, toa 240, baki 51.60. Ikilingana, taarifa imeeleweka. Isipolingana kuna mstari umeachwa, na aghalabu ni lebo iliyonunuliwa tarehe 2 kwa oda ya tarehe 30.

Kosa moja la wanaojaribu hesabu hii kwa mara ya kwanza ni kuuchukulia mstari wa `Deposit` kama mapato mapya. Si mapato wala si gharama. Ni pesa yako imehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Anayeihesabu pamoja na mauzo anajiona tajiri mara mbili, na anayeihesabu kama kato anajiona ameibiwa.

Kuna wakati salio linakuwa kubwa kwa sababu nyingine kabisa. Soko lina haki, kwa mujibu wa masharti yake, kuzuia sehemu ya pesa za muuzaji kwa muda, hasa muuzaji mgeni au ambaye oda zake hazina namba ya kufuatilia kifurushi. Mwaka 2023 wauzaji wa Uingereza walilalamika hadharani kwamba asilimia 75 ya mapato yao ilikuwa imezuiwa kwa siku 45. Kwa mshonaji anayenunua kanga za mwezi huu kwa mauzo ya mwezi uliopita, hilo ni sawa na kufungiwa cherehani. Kinga iliyo mikononi mwake ni kununua lebo zenye namba ya kufuatilia na kuzituma kwa wakati, na kutouweka mtaji wake wote kwenye salio la soko moja.

Mkoba ukirudishwa, mistari hujipindua. Mnunuzi anarudishiwa pesa zake na kodi yake, na kamisheni inarudi kwa muuzaji kama mkopo kwenye akaunti. Lebo iliyokwishatumika hairudi, na senti 20 za tangazo hazirudi. Hata kama makato mengine yote yatafutwa, mshonaji amepoteza dola 7.05, na mkoba uko palepale alipoanzia. Kuziba pengo hilo anahitaji karibu nusu ya faida ya mkoba mwingine.

Hesabu zote hizi zinafaa kufanywa kinyume pia, kuanzia na unachotaka kukipata. Tuseme mshonaji anataka ajilipe dola 12 kwa saa. Saa mbili ni 24, vifaa ni 9, jumla 33. Aongeze lebo ya 6.85 na senti 45 za kudumu, anafika 40.30. Asilimia zinazobaki, 6.5 ya kamisheni na takriban 3.25 ya kadi pamoja na kodi, ni 9.75. Kwa hiyo 40.30 ni asilimia 90.25 ya kile anachopaswa kumtoza mnunuzi. Agawanye kwa 0.9025, apate dola 44.65, bei na usafirishaji kwa pamoja. Alikuwa anatoza 36. Na akitaka kubaki ndani ya matangazo ya nje bila kugusa mshahara wake, anagawanya kwa 0.7525, na bei inakuwa dola 53.55. Kama hakuna mtu atakayenunua mkoba huo kwa 53.55, basi ajitoe kwenye matangazo hayo leo.

Muuzaji wa Nairobi anayetumia Jumia atazitambua hesabu hizi kwa majina mengine: kamisheni inayobadilika kwa aina ya bidhaa, makato, na malipo yanayokuja baada ya kila kitu kutolewa. Dar es Salaam ni tofauti kidogo. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanauza kwa Instagram na WhatsApp. Huko hakuna kamisheni, lakini hakuna taarifa pia. Nauli ya bodaboda, ada ya kutoa pesa kwa wakala, bando la intaneti na tangazo lililolipiwa kila moja linatoka mfukoni kwa njia yake, na hakuna anayeziandika mahali pamoja. Mtu anaweza kukatwa kama yule wa Columbus, au zaidi, bila kuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Kwa mshonaji wa Columbus karatasi hiyo ina kazi nyingine inayomsubiri mwanzo wa mwaka. Fomu `1099-K`, ambayo masoko huituma kwa mamlaka ya kodi ya Marekani kuhusu wauzaji waliopita kiwango fulani, huandika kiasi ghafi walicholipa wanunuzi, kabla ya kamisheni, kabla ya posta, kabla ya pesa zilizorudishwa. Hata asiyefikia kiwango hicho anatakiwa kutaja mapato yake. Kwa mwaka wa mikoba 120 kama hii, bila kodi ya wanunuzi, kiasi ghafi ni dola 4,320. Katika hizo, 475.20 zimechukuliwa na soko na 822 na posta, na zote mbili zinaruhusiwa kutolewa kama gharama za biashara kabla ya kodi kuhesabiwa, mradi ziwe na ushahidi. Ushahidi ni zile taarifa 12 za mwezi, ambazo anaweza kuzipakua usiku huuhuu, watoto wakiwa bado wamelala.